Lengo la kampeni ya kulipia: nani hasa huliona tangazo lako

Lengo la kampeni ni tokeo ambalo mwenye tangazo anauagiza mfumo wa matangazo ulitafute kwa wingi kadiri fedha zake zinavyoruhusu. Tokeo hilo linaweza kuwa mtu aliyeliona tangazo, mtu aliyebofya kiungo, mtu aliyeanzisha mazungumzo kwenye WhatsApp, au mtu aliyenunua. Katika Ads Manager, programu inayosimamia matangazo ya Facebook na Instagram, lengo huchaguliwa kabla ya kitu kingine chochote, na kwa sababu swali hilo hutangulia, watu wengi hulijibu haraka kisha wakatumia jioni nzima kuchagua umri, mji na picha. Mimi huandaa matangazo ya wafanyabiashara wadogo hapa Kisumu, na mara nyingi ninapoitwa kuangalia kampeni iliyokula fedha bila faida, kosa huwa limefanyika kwenye ukurasa ule wa kwanza.

Majina yenyewe yanahitaji maelezo mafupi, kwa kuwa yamebadilika. Hadi mwaka 2022, kufikia watu, ujumbe na mauzo yalikuwa malengo yanayojitegemea, yakiitwa Reach, Messages na Conversions. Baada ya hapo orodha ilipunguzwa ikawa na malengo sita: Awareness, Traffic, Engagement, Leads, App promotion na Sales. Reach sasa imo ndani ya Awareness, ujumbe hupatikana hasa ndani ya Engagement, na kilichokuwa Conversions kimo ndani ya Sales. Kazi ya kila kimoja haikubadilika.

Jambo linalowachanganya wengi ni tofauti kati ya hadhira na lengo. Ukiandika kwamba unataka watu wa miaka 25 hadi 50 walio ndani ya kilomita 40 kutoka Kisumu, umeonyesha ziwa utakalovua, lakini hujasema ni samaki gani. Wavuvi wa hapa wanajua kwamba wavu wa omena wenye matundu madogo na wavu wa mbuta wenye matundu makubwa vinaweza kutupwa katika maji yaleyale na kuleta samaki tofauti kabisa. Hadhira ya watu laki kadhaa haiwezi yote kuliona tangazo la shilingi elfu chache, kwa hiyo ni lazima mtu au kitu kichague wachache watakaoliona. Anayechagua ni mfumo, na kigezo chake ni lengo ulilompa.

Uchaguzi huo hufanyika kwa mnada. Kila mtu anapofungua simu yake na nafasi ya tangazo ikapatikana, matangazo mengi hushindania nafasi hiyo kwa wakati mmoja. Kwa kila tangazo mfumo huchukua thamani ambayo tokeo limewekewa na mwenye tangazo, ukaizidisha kwa uwezekano kwamba mtu huyu mahususi atafanya tendo hilo, kisha ukaongeza alama ya ubora wa tangazo. Uwezekano huo hukadiriwa kutokana na tabia ya awali ya mtu: amewahi kubofya mara ngapi, huandikia biashara au la, hununua mtandaoni au la.

Tuchukue watu wawili wanaoishi Kisumu, wote wenye miaka 35, na karakana ya makochi iliyoko Kibuye inayotafuta ujumbe. Takwimu nitakazotumia ni za kufanyia hesabu tu. Mtu wa kwanza hupitisha picha haraka na karibu hajawahi kuiandikia biashara yoyote, hivyo uwezekano wake wa kuanzisha mazungumzo ni 2 katika 1,000. Wa pili huuliza bei za vitu kila wiki, na uwezekano wake ni 20 katika 1,000. Ikiwa mazungumzo moja yanathaminiwa kwa shilingi 40, basi kuonekana mara elfu moja na watu wa aina ya kwanza kuna thamani ya shilingi 80, na kwa watu wa aina ya pili shilingi 800. Kama washindani wengine wanatoa shilingi 300 kwa watu wa aina ya pili, karakana yetu inashinda. Kama wanatoa shilingi 90 kwa wale wa kwanza, karakana inashindwa, ingawa watu hao ni wa bei rahisi zaidi.

Sasa karakana ileile ibadilishe lengo na kuchagua Reach. Kwa lengo hili, kila mtu mpya aliyeliona tangazo ni tokeo kamili, na mtu wa kwanza ana thamani sawa na wa pili. Mfumo unaotakiwa kupata watu wengi kwa fedha zilezile utawaendea wale ambao hawagombaniwi na wengine, na watangazaji wengine hawawagombanii kwa sababu si wabofyaji, si waulizaji na si wanunuzi. Ndiyo maana tangazo la Reach huweza kurudi na ripoti ya kupendeza ya maelfu ya watu huku simu ya dukani ikiwa kimya. Mfumo haukudanganya, ulifanya ulichoambiwa.

Tufuate sasa shilingi 7,000 za karakana hiyo, shilingi 1,000 kwa siku kwa muda wa siku saba, kwa hadhira ileile na picha ileile ya seti ya makochi ya watu saba inayouzwa shilingi 45,000. Tukikadiria kwamba Reach inatoza shilingi 100 kwa kila mara elfu moja tangazo linapoonekana, litaonekana mara 70,000, na ikiwa kila mtu ataonyeshwa mara mbili, limefikia watu 35,000. Kwa lengo la ujumbe, nafasi zinazogombaniwa zaidi zinaweza kugharimu shilingi 300 kwa elfu, hivyo tangazo litaonekana takriban mara 23,300 tu. Mwenye karakana akilinganisha idadi hizo mbili atadhani amepunjwa. Lakini kama katika zile 23,300 wamepatikana watu 70 walioandika, kila mazungumzo yamegharimu shilingi 100, na seti mbili zikiuzwa, gharama ya tangazo kwa kila seti ni shilingi 3,500. Hesabu ya pili ndiyo inayohusu biashara yake.

Traffic huhitaji tahadhari ya pekee, kwa sababu jina lake linavutia. Lengo hili huwatafuta watu wenye mazoea ya kubofya, na mazoea hayo hayana uhusiano mkubwa na kununua. Wapo wanaobofya kila picha, na wapo wanaobofya kwa bahati mbaya wakicheza michezo ndani ya programu nyingine, iwapo umeruhusu tangazo lionekane huko kupitia Audience Network. Dalili yake iko kwenye ripoti: linganisha safu ya Link clicks na safu ya Landing page views. Ya kwanza huhesabu aliyegusa kiungo, na ya pili humhesabu yule ambaye ukurasa ulimfungukia kweli. Ukiona kubofya 700 na kurasa zilizofunguka 300, basi zaidi ya nusu waligusa bila kukusudia, au ukurasa ni mzito na walikata tamaa kabla bando halijaisha. Ukiamua kutumia Traffic, afadhali uuagize mfumo uhesabu Landing page views badala ya Link clicks. Kwa karakana isiyo na tovuti, sioni sababu ya kulichagua lengo hili hata kidogo.

Wengine husema basi tuchague Sales, kwa kuwa tunachotaka ni mauzo. Wazo hilo ni sahihi kwa duka ambalo mnunuzi huchagua bidhaa na kulipa kwenye tovuti yenyewe, kwa sababu hapo kuna Meta Pixel, kijisehemu cha msimbo kinachourudishia mfumo habari kwamba mtu fulani amenunua. Mfumo huzichukua habari hizo na kuwatafuta wengine wanaofanana na wanunuzi wale. Meta hueleza kwamba kundi la tangazo, yaani sehemu ya kampeni yenye hadhira yake, huhitaji matokeo yapatayo 50 ndani ya wiki moja ili litoke katika kipindi cha kujifunza, ambacho mfumo bado unajaribu kubaini nani wa kumwonyesha tangazo. Karakana ya Kibuye huuza labda seti tatu kwa wiki, na mteja hulipa kwa Till ya M-Pesa akiwa amesimama mbele ya fundi, akigonga mbao kwa vidole. Pixel haiyaoni malipo hayo. Mfumo unabaki ukitafuta wanunuzi bila kujua mnunuzi hufananaje, na kwenye safu ya Delivery huandikwa Learning limited, yaani matokeo hayatoshi kujifunzia.

Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni kuchagua tokeo lililo karibu zaidi na fedha, mradi liwe linaonekana na mfumo na litokee mara nyingi za kutosha. Kwa biashara nyingi za Kisumu na Kakamega, ambako mteja huuliza bei kwanza, hutaka kuona picha nyingine, kisha hujadiliana kuhusu usafiri hadi Maseno au Ahero, tokeo hilo ni mazungumzo ya WhatsApp. Katika mfano wetu yalikuwa 70 kwa wiki, idadi inayoutosha mfumo kujifunza.

Hata hivyo ujumbe nao una udhaifu wake, na ni wa aina ileile. Mfumo huhesabu kuanza kwa mazungumzo, hauhesabu yalivyoisha. Ukiweka swali lililoandikwa tayari ambalo mtu hulituma kwa kugusa mara moja, utapata wengi waliogusa kwa udadisi, halafu ukiwajibu hawarudi. Mfumo utawaona hao kuwa mafanikio na kuwatafuta wenzao. Dawa ni kuandika bei na mahali palipo karakana ndani ya tangazo lenyewe, ili asiyeweza kulipa 45,000 au anayeishi mbali apite bila kuandika. Mazungumzo yatapungua na gharama ya kila moja itapanda, jambo ambalo humtia hofu mwenye fedha katika siku mbili za kwanza. Namshauri aandike kwenye daftari mambo mawili tu kwa kila aliyeandika: je, alitaja seti anayoitaka, na je, alikuja kuiona.

Reach nayo ina mahali pake, na si haki kuidharau. Karakana ikihama kutoka Kibuye kwenda Kondele na kutaka kuwajulisha wateja wote wa zamani ambao namba zao inazo, hadhira imekwisha kuchaguliwa kwa mkono, mtu mmoja mmoja. Hapo hutaki mfumo uwapendelee waulizaji na kuwaacha wengine. Unataka kila mmoja aone, labda mara mbili ndani ya wiki, na Reach hukuruhusu kuweka kikomo hicho. Hadhira inapokuwa ndogo na safi, lengo pana hufaa. Inapokuwa kubwa na mchanganyiko, lengo lazima liwe ndilo linalochuja.

Jambo la mwisho ni la kiutendaji: kampeni ikishachapishwa, lengo lake halibadilishwi. Ukigundua siku ya tatu kwamba ulichagua Traffic ilhali ulihitaji ujumbe, isimamishe, anzisha kampeni mpya, na uiache siku kadhaa bila kuigusa, kwa sababu mabadiliko makubwa ya bajeti, ya hadhira au ya picha huurudisha mfumo mwanzo wa kujifunza.