Maswali na majibu: perovskaiti iliyoinama na ugonjwa wa kuiita mchemraba

Ninasimamia mashine ya eksirei ya maabara ya chuo. Wagonjwa wangu ni unga kwenye vikopo vya plastiki, na wengi huletwa wakiwa wamechelewa: mwenye kikopo ameshaandika sura tatu za tasnifu akisema fuwele yake ni mchemraba. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa mlangoni karibu kila wiki.

Dada, hiki kigezo cha ustahimilivu ni kitu gani hasa?

Ni hesabu ya kujua kama kationi kubwa, yaani ioni yenye chaji chanya, inajaa nafasi yake kwenye fuwele. Katika perovskaiti, yaani oksidi yenye fomula ya ABO3, kationi ndogo B hukaa katikati ya oktahedroni, umbo la pande nane lenye oksijeni sita kwenye ncha zake. Oktahedroni hizo zimeshikana kwa ncha, na kationi kubwa A imekaa kwenye uwazi uliobaki kati yake, ikizungukwa na oksijeni 12. Mwanakemia Goldschmidt aliandika hesabu hii mwaka 1926, r ikiwa nusukipenyo cha kila ioni:

t = (rA + rO) / (√2 (rB + rO))

t ikiwa 1, A imekaa sawasawa. Ikishuka chini ya 1, A inapwaya kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha babake.

Nimepata 0.97 kwa CaTiO3. Hiyo si karibu kabisa na 1? Basi ni mchemraba.

Hapana. Tufanye hesabu pamoja, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Kalisi yenye majirani 12 ina nusukipenyo cha angstromu 1.34, titani 0.605, oksijeni 1.40. Juu unapata 2.74, chini 2.836, na t ni 0.966. (Kuna anayeniletea 0.85 kila muhula. Amechukua kalisi yenye majirani sita, 1.00, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwanza kwenye jedwali. Soma safu, tafadhali.) Weka stronti, 1.44, mahali pa kalisi na t inakuwa 1.00. SrTiO3 ni mchemraba kweli kwenye joto la chumba, ubavu wake angstromu 3.905. Hiyo tofauti ya 0.035 kwenye t ndiyo iliyoiangusha CaTiO3 kutoka mchemraba hadi othorombiki, kisanduku chenye mbavu tatu zisizolingana.

Sababu ni hii. Kutoka titani hadi oksijeni kuna kama angstromu 1.95 katika zote mbili, kwa kuwa oktahedroni ni ngumu, haipendi kubanwa. Kwenye SrTiO3, mara mbili ya hiyo ndiyo umbali wa titani mbili jirani, kiungo kimenyooka. Kwenye CaTiO3 kalisi ndogo imevuta kila kitu karibu, na titani jirani ziko wastani wa 3.82 tu. Vijiti viwili vya 1.95 havienei kwenye 3.82 bila kupinda. Vinapinda kwenye oksijeni, pembe inashuka kutoka nyuzi 180 hadi kama 156. Huko ndiko kuinama kwenyewe.

Lakini oktahedroni kuinama kidogo kunaondoaje ulinganifu wote huo?

Kwa sababu haiinami peke yake. Fikiria gia kwenye mashine: ukizungusha moja kwenda kulia, jirani yake lazima aende kushoto. Ndani ya tabaka moja oktahedroni hazina hiari. Hiari iko kati ya tabaka na tabaka: tabaka la juu linaweza kufuata mzunguko wa lile la chini, au kwenda kinyume chake. Mwaka 1972 mtaalamu wa fuwele Glazer alitupa alama fupi za kuandika hayo: herufi tatu kwa mihimili mitatu, na juu ya kila herufi jumlisha kwa kufuatana, toa kwa kupingana, sifuri kwa kutoinama.

SrTiO3 ya joto la chumba ni a0a0a0, kundi la ulinganifu Pm-3m, la mchemraba. CaTiO3 ni a-a-c+: inapingana kwenye mihimili miwili kwa kiasi kile kile, inafuatana kwenye wa tatu. Kwa kuwa jirani hafanani tena na jirani, kisanduku cha kujirudia lazima kikue. Mbavu zake zinakuwa takriban angstromu 5.38, 5.44 na 7.64, kundi Pbnm, na ndani yake mna CaTiO3 nne badala ya moja.

Vilele vikubwa kwenye mchoro wangu wa eksirei havijagawanyika, na programu imekubali Pm-3m. Tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba programu hukubali unachoipa. Gawanya 5.38 na 5.44 kwa √2, gawanya 7.64 kwa 2, ili uzirudishe kwenye kipimo cha mchemraba: unapata 3.80, 3.85 na 3.82. Kwa mashine ya kawaida na chembe ndogo, tatu hizo huungana zikawa kilele kimoja kinene. Kilele kisichogawanyika si ushahidi wa mchemraba. Narudia: si ushahidi.

Ushahidi uko kwenye vilele vidogo ambavyo mchemraba hauwezi kuvitoa. Kwa eksirei za shaba, CaTiO3 hutoa kimoja karibu na nyuzi 37.1, cha kuinama kwa kufuatana, na kingine karibu na 39.0, cha kuinama kwa kupingana. Ni vifupi, kama miguu ya sisimizi kando ya kile kirefu cha 33.1. Wewe umepima kutoka 20 hadi 80 kwa dakika kumi, ukalainisha mchoro ili upendeze, ukavifuta. Tafadhali msilainishe! Rudi, pima kutoka 35 hadi 42 tu, hatua ya 0.02, sekunde kumi kila hatua. Ni saa moja hivi. Na usitumie kishikio cha alumini, maana kilele chake kinakaa 38.5, katikati kabisa ya hivyo viwili.

Nikimaliza kuandika ndipo niombe muda wa nyutroni, au niombe sasa?

Sasa. Kinachosogea katika kuinama ni oksijeni, yenye elektroni nane tu. Eksirei inaiona kwa shida pembeni ya titani yenye 22. Nyutroni huiona oksijeni vizuri kabisa. Dalili ya kutosubiri unayo tayari kwenye faili lako: ukilazimisha Pm-3m, mtikisiko wa oksijeni unavimba na kuwa bapa kama sahani iliyokikingama kiungo cha titani. Watu huuita "joto". Si joto. Ni oksijeni zilizo pembeni, wewe umeziweka katikati kwa nguvu.

Yangu ina t ya 1.06, BaTiO3. Nayo inainama?

Hapana, huyo ni mgonjwa mwingine. Bari ni kubwa mno, imetanua nafasi ya titani, na titani ndiyo inayohama kutoka katikati. Kwenye joto la chumba utapata tetragonali, mchemraba uliorefushwa upande mmoja.

Kwa hiyo SrTiO3 haiinami kamwe?

Inainama. Chini ya takriban kelvini 105 inageuka a0a0c-, kundi I4/mcm, ingawa t yake ni 1.00. CaTiO3 nayo hunyooka ikawa mchemraba ukiipasha kupita nyuzi 1,300 za Selsiasi. Nusukipenyo ulizosoma kwenye jedwali hazijui umepima kwenye joto gani, kwa hiyo liandike kwenye kikopo, pembeni ya jina lako, kabla hujanikabidhi.