Msamaha wa Kodi Ethiopia: Hasara Yako Ina Muda Gani wa Kuishi?

Mwekezaji wa Nairobi au Arusha anayetaka kufungua kiwanda Ethiopia huuliza kwanza: nitasamehewa kodi ya faida kwa miaka mingapi? Ni mara chache kumsikia akiuliza hasara atakayoipata ndani ya miaka hiyo itaenda wapi. Lakini kiwanda kipya hakianzi na faida. Mashine zinajaribiwa, wafanyakazi wanafundishwa, wateja bado wanatafutwa. Msamaha wa kodi kwa mtu asiye na faida ni sawa na mwavuli wakati wa kiangazi. Kinachomfaa ni ile hasara, kama ataruhusiwa kuitumia baadaye kupunguza faida inayotozwa kodi.

Kanuni ya Uwekezaji Na. 270 ya mwaka 2012 ililijibu swali hilo waziwazi. Hasara iliyopatikana ndani ya kipindi cha msamaha inaweza kubebwa mbele baada ya msamaha kwisha, kwa muda ulio nusu ya kipindi cha msamaha wenyewe. Nusu hiyo ikiangukia katikati ya mwaka, unahesabiwa mwaka mzima. Na kwa vyovyote, hasara haibebwi zaidi ya miaka mitano ya kodi. Msamaha wenyewe huanza kuhesabiwa siku uzalishaji unapoanza, si siku kibali kilipotolewa.

Tuchukue kiwanda cha nguo chenye msamaha wa miaka mitano. Mwaka wa kwanza vitabu vyake vinaonyesha hasara ya birr milioni 9.5, lakini humo mna faini ya laki tano. Faini haikubaliki kama gharama katika hesabu ya kodi, kwa hiyo inaondolewa kwenye gharama, na hasara ya kikodi inabaki milioni 9. Mwaka wa pili hasara ya kikodi ni milioni 6. Miaka ya tatu, nne na tano mapato yanalingana na gharama. (Nimeyapanga hivyo makusudi, ili faida iliyopatikana ndani ya msamaha isituvurugie hesabu.) Msamaha unapokwisha, mwekezaji ana hasara ya milioni 15 mkononi.

Nusu ya miaka mitano ni miwili na nusu, yaani mitatu kwa kanuni. Mwaka wa sita kiwanda kinapata faida ya milioni 4. Hasara inaimeza yote, kodi ni sifuri. Mwaka wa saba faida ni milioni 5, kodi sifuri tena. Mwaka wa nane ni milioni 3, vilevile. Zimekwisha tumika milioni 12, zimebaki 3.

Hapo ndipo mlango unapofungwa. Mwaka wa tisa mambo yamechangamka na faida ni milioni 10. Mhasibu anatoa milioni 3 zilizobaki, anabaki na faida ya milioni 7, na kwa kiwango cha asilimia 30 anaandika kodi ya milioni 2.1. Amekosea. Zile milioni 3 zimekufa mwisho wa mwaka wa nane, na kodi sahihi ni asilimia 30 ya milioni 10 kamili, yaani milioni 3. Tofauti ni birr laki tisa, na mkaguzi akiigundua baadaye, adhabu na riba hufuata.

Kosa hili linatokana na kudhani kwamba kila hasara ina miaka mitano kamili baada ya msamaha. Hapa saa inaanza kugonga msamaha unapokwisha, na urefu wa msamaha ndio unaopanga itagonga mara ngapi. Ndiyo maana msamaha mfupi unambana mwekezaji mara mbili: miaka michache ya kutolipa, na miaka michache ya kufuta hasara. Msamaha mrefu nao una dari yake. Mjenzi wa eneo la viwanda nje ya Addis Ababa alipewa miaka 15. Nusu yake ingefika minane, lakini anakatwa kwenye mitano.

Usisahau ritani. Wapo wanaodhani kwamba asiyelipa kodi hana cha kuwasilisha, wakakaa kimya miaka mitano, kisha mwaka wa sita wakaja na hasara ambayo ofisi ya kodi haijawahi kuiona. Itathibitishwaje? Weka hesabu na risiti za kila mwaka wa msamaha kama vile unalipa. Kodi ya mishahara, kwanza, hukusamehewa: unaikata kwa wafanyakazi na kuiwasilisha tangu mwezi wa kwanza.

Mwaka 2022 Ethiopia ilitoa kanuni nyingine ya vivutio vya uwekezaji. Kabla ya kuiga hesabu hii, soma kibali chako kilitolewa chini ya kanuni ipi, na tarehe ya kuanza uzalishaji iliyoandikwa kwenye jalada lako ni ipi.