Mashine ya kadi, QR ya karatasi au Lipa Namba: muuzaji mdogo aanze na ipi?

Chukua mfano wa muuzaji wa viungo na vikoi pale Darajani, Unguja. Asubuhi anakuja jirani kununua mdalasini wa shilingi 5,000 na anataka kulipa kwa simu. Mchana anaingia mtalii anayetaka kikoi cha shilingi 60,000. Huyu hana laini ya Tanzania, ana kadi tu. Jibu la swali letu linategemea zaidi wateja hawa wawili kuliko vifaa vyenyewe.

Lipa Namba na QR ya karatasi mara nyingi ni njia moja yenye milango miwili. Mwenye simu ya kitochi huingia kwenye menyu na kuandika namba yako, mwenye simu janja huskani stika, na fedha zote huishia kwenye akaunti ileile ya biashara. Kuskani kunamwepusha mteja na kosa la kuandika tarakimu moja vibaya. Benki Kuu ya Tanzania imeweka kiwango cha taifa kiitwacho TANQR, kusudi stika moja isomwe na wateja wa mitandao na benki mbalimbali. Kabla hujajaza meza stika tano, mwombe mtu wa mtandao mwingine akulipe shilingi 1,000 kwenye stika uliyonayo. Ikipita, angalia pia yeye amekatwa kiasi gani, kwa sababu makato yakimuuma mteja atarudi kwenye noti.

Udhaifu wa QR ya karatasi ni kwamba haibebi kiasi cha fedha. Ukiisoma kwa kisomaji cha kawaida, QR ya aina hii iliyofuata EMV, kiwango cha kimataifa cha malipo, huanza hivi:

```
000201010211
```

Hiyo 11 ya mwisho inaeleza kuwa msimbo ni wa kudumu. Ule unaotengenezwa upya kwa kila mauzo huwa na 12. Kwa hiyo kiasi anaandika mteja mwenyewe, na 6,000 inaweza kuwa 600 bila wewe kujua. Tarakimu na herufi nne za mwishoni mwa msimbo hugundua makosa ya usomaji, lakini hazizuii kughushi: tapeli anaweza kutengeneza msimbo halali wa akaunti yake na kuubandika juu ya wako. Kila ukifungua duka, skani stika yako mpaka jina la biashara litokee, kisha ghairi. Iweke upande wako wa meza, mbali na mkono wa mpita njia.

Hatari nyingine ni ujumbe. Mteja akikuonyesha simu yake, hiyo si risiti yako, na hata SMS iliyoingia kwenye simu yako inaweza kuwa ya kughushi. Angalia salio au orodha ya miamala kwenye akaunti ya biashara. Kama kuna msaidizi dukani, apate njia ya kuona miamala bila kupewa namba ya siri ya kutolea fedha. Hapa ndipo wengi hulegea.

Sasa mashine ya kadi. Tuseme mkataba unakata asilimia 3 ya kila mauzo na kodi ya mashine ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Hizi ni namba za mfano, zako zitoe kwenye mkataba wako. Kikoi cha 60,000 ulikinunua 45,000, kwa hiyo faida ni 15,000. Makato ni 1,800, unabaki na 13,200. Vikoi viwili vitaleta 26,400, havifikii kodi, cha tatu kinaivuka. Hesabu hiyo ina sharti moja: viwe vikoi ambavyo bila mashine usingeviuza. Mtalii ambaye angetoa noti hahesabiki. Kwa hiyo, kabla ya kusaini, andika kwa mwezi mzima idadi ya wateja walioondoka kwa kukosa mahali pa kulipia kadi. Wasipofika watatu wa aina hiyo, Lipa Namba yenye stika inatosha. Muuza mdalasini asiye na watalii sioni sababu ya kulipa kodi hiyo.

Uliza pia fedha za kadi huingia lini. Za Lipa Namba kwa kawaida huonekana papo hapo, lakini za kadi mara nyingi husubiri siku ya kazi inayofuata au zaidi, na mauzo ya Ijumaa jioni yanaweza kulala mpaka wiki mpya wakati mleta mzigo anadai Jumamosi. Mwenye kadi anaweza pia kupinga malipo kwa benki yake akiwa ameshafika kwao, na benki ikakutaka uthibitishe mauzo yale miezi kadhaa baadaye. Karatasi nyingi za mashine hufifia zikikaa kwenye joto, kwa hiyo piga picha ya kila risiti na uandike pembeni bidhaa uliyouza.