Mawe Yanafanya Nini Katikati ya Gunia la Sukuma Wiki?

"Jirani yangu hapa ploti amepanda sukuma wiki kwenye magunia, lakini katikati ya kila gunia amejaza mawe. Si heri angejaza udongo mtupu apate rutuba zaidi?"

Mawe hayo ndiyo njia ya maji. Gunia lililojazwa udongo hufika kifuani, na miche mingi haiko juu bali ubavuni, kwenye matundu kuanzia chini hadi juu. Ukimwagia maji juu tu, udongo wa juu unalowa, yanayozidi yanatokea kwenye matundu ya karibu na kuchuruzika nje, na mche ulio karibu na sakafu haupati kitu. Gunia langu la kwanza sikuliwekea mawe. Miche ya juu ilinawiri, ya chini ikasinyaa mmoja baada ya mwingine, nami nikadhani ni wadudu. Nilipolimwaga nikakuta udongo kuanzia magotini kushuka chini umekauka kama majivu, na nilikuwa nikilinyweshea kila jioni.

Nguzo ya mawe hujengwa kwa mkebe uliokatwa mfuniko na kitako, mfano ule wa kilo 2 wa mafuta ya kupikia. Simamisha mkebe katikati ya gunia, ujaze kokoto, kisha uuzungushie udongo hadi ulingane na mdomo wake. Vuta mkebe juu taratibu. Kokoto zinabaki zimesimama, zimeshikwa na udongo. Jaza tena, vuta tena, mpaka ufike juu. Udongo wenyewe uchanganye na samadi iliyooza vizuri, karai mbili za udongo kwa moja ya samadi, na ukiwa mzito wa mfinyanzi ongeza mchanga. Uloweshe kidogo kila unapojaza, kwa sababu udongo mkavu kabisa huyakataa maji yakapita kando yake bila kuingia. Chagua mahali penye jua kabla ya kuanza, maana likishajaa halisogezeki.

Liache siku mbili tatu lishuke, ndipo utoboe matundu kwa kisu, kama shubiri moja kati ya tundu na tundu, yakipishana ili mche mmoja usiwe juu ya mwenzake. Gunia la kilo 90 linabeba miche kama 40, ukihesabu na ile mitano ya juu. Miche ya sukuma huwa tayari kuhamishwa kutoka kitaluni baada ya takriban mwezi mmoja.

Hata ukiwa na mawe, namna ya kumwagilia ina kazi yake. Ukimimina kwa haraka, maji yanateremka moja kwa moja na kutokea chini, na utaona kidimbwi sakafuni. Mimina kidogo, ngoja udongo unyonye, rudia. Ukitaka kujua kama yamefika, chomeka kidole kwenye tundu la chini kabisa asubuhi inayofuata. Udongo ukishikana kwenye ncha ya kidole, yamefika.

Mimi hulipa uzito jambo hili kwa sababu ya bei ya maji. Huku Nairobi mitaa mingi hununua kwa mtungi wa lita 20. Tuseme gunia linakunywa lita 10 kwa siku: hiyo ni mitungi mitatu na nusu kwa wiki, na kwa shilingi 10 mtungi, unatumia shilingi 35. Sasa tazama mavuno. Kila mche unachumwa majani mawili au matatu ya chini kwa wiki, ukiacha yale manne matano ya juu yaendelee kukua. Miche 40 inakupa majani kama 100, yaani mafungu kumi ya majani kumi kumi. Ukiwauzia majirani kwa shilingi 20 fungu, ni shilingi 200, na mtu anachukua mlangoni jani likiwa bado linavunjika kwa sauti. Ila maji yakiadimika mtungi ukafika shilingi 50, maji peke yake yanakula shilingi 175, na hapo hujabakiwa na kitu cha maana.

Ndiyo maana wenye magunia wengi huweka ndoo jikoni. Maji ya kusuuzia mchele na mboga yanamiminwa kwenye mawe. Ya kufulia hapana, sabuni ya unga ina chumvi inayobaki kwenye udongo, na udongo wa gunia ni kidogo, hauna pa kuipeleka.

Baada ya miezi kadhaa majani ya chini yakianza kugeuka manjano ilhali udongo una unyevu, usiongeze maji. Chakula kimekwisha. Loweka samadi kwenye ndoo wiki mbili, izimue kwa maji mpaka ifanane na chai ya rangi, uimimine palepale kwenye mawe, nayo itafika hadi kwenye mizizi ya mche wa mwisho.