Tumbo linalojaa baada ya maziwa, na namba saba za kipimo cha pumzi

Mgonjwa wangu alikuja akiwa ameshatoa hukumu. Ni mwanamke wa miaka 36, na kwa karibu mwaka mzima kila akinywa maziwa tumbo lilikuwa linavimba na kunguruma, na ikifika jioni nguo inambana kiunoni. "Daktari, maziwa yananikataa," aliniambia. "Niandikie tu nisiyanywe." Nilimwomba tupime kwanza. Nimewaona wengi walioacha maziwa kwa kukisia, na miezi sita baadaye wakarudi kwangu na tumbo lilelile.

Kipimo chenyewe ni cha kupuliza tu, hakuna sindano. Ili namba zake zieleweke, inabidi kwanza tujue hewa inayopimwa inatoka wapi.

Sukari ya maziwa inaitwa laktosi. Ni glukosi na galaktosi zilizoshikana, na utumbo hauwezi kuzinyonya zikiwa bado zimeshikana. Anayezitenganisha ni kimeng'enya kiitwacho laktesi, kinachokaa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Mtoto mchanga anacho tele. Kwa watu wazima wengi duniani hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na hilo ni maumbile tu, si ugonjwa. Laktesi ikiwa chache, laktosi inateremka nzimanzima hadi utumbo mpana, ambako bakteria wanaingoja. Wao wanaila, na wakiila wanatoa gesi, haidrojeni ikiwemo. Sehemu ya gesi hiyo hupenya kuingia kwenye damu, damu huipeleka mapafuni, nasi tunaipumua nje.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba seli za binadamu hazitengenezi haidrojeni kabisa. Ikionekana kwenye pumzi, ujue kuna bakteria mahali fulani ndani ya mwili anakula kitu. Kazi ya msomaji wa kipimo ni kujua anakula nini na yuko wapi.

Siku ya kwanza hatukupima. Alipuliza kabla ya kunywa chochote, mashine ikaonyesha 34 ppm. Hiyo ppm ni hesabu ya chembe za haidrojeni katika kila chembe milioni za hewa, na mtu aliyefunga usiku kucha na kula ipasavyo siku iliyotangulia huwa kwa kawaida chini ya 10. Nilimuuliza alikula nini jana yake. Maharage, tena sahani ya kujaa. Maharage yana sukari ambazo hakuna mtu anayeweza kuzimeng'enya, kwa hiyo bakteria wake walikuwa bado mezani asubuhi ile. Ukianza kupima juu ya 34 hutajua gesi ipi ni ya laktosi na ipi ni ya maharage. Alikasirika kidogo, na namwelewa, maana alikuwa ameomba ruhusa kazini. Nilimpangia siku nyingine.

Safari ya pili alijiandaa vizuri. Siku moja kabla alikula wali mweupe na samaki, bila kunde, bila matunda, bila maziwa, kisha akafunga kwa muda wa saa 12. Asubuhi alipiga mswaki, na hakuvuta sigara, kwa sababu moshi wenyewe una haidrojeni. Nilihakikisha pia kwamba hakuwa ametumia antibayotiki kwa wiki 4 wala dawa za kulainisha choo kwa wiki moja. Hilo la antibayotiki ndilo linalosahaulika zaidi. Dawa hizo hupunguza bakteria wanaotengeneza gesi, basi mtu asiyemeng'enya laktosi hata chembe anaweza kutoka na namba za kupendeza na jibu la uongo.

Pumzi ya kwanza ikasoma 4. Hapo akanywa gramu 25 za laktosi zilizoyeyushwa kwenye glasi ya maji. Kiasi hicho ni kama nusu lita ya maziwa inayonywewa mara moja juu ya tumbo tupu. Naomba ukikumbuke, tutakirudia. Baada ya hapo alipuliza kila nusu saa kwa saa tatu, akiwa ameketi. Usingizi unapunguza upumuaji na kupandisha namba, mazoezi yanazishusha, kwa hiyo hatutaki hili wala lile.

Hata kupuliza kuna namna yake. Hewa inayotakiwa ni ya mwisho, ile iliyokaa ndani kabisa ya mapafu karibu na damu. Anavuta pumzi, anaishikilia kama sekunde 15, kisha anatoa polepole mpaka mwisho. Dakika ya 90 alipuliza harakaharaka, na mashine ikasoma haidrojeni 3. Ningeweza kuandika 3 na kuendelea, lakini mashine yetu hupima pia kabonidayoksaidi, nayo ilikuwa asilimia 2 tu, wakati hewa ya ndani ya mapafu huwa na takriban asilimia 5 na nusu. Maana yake sampuli ilikuwa imechanganyika na hewa ya kooni na ya chumbani. Nilimrudishia mrija, akapuliza taratibu, ikasoma 9.

Kila alipopuliza, aliandika pia tumbo linavyojisikia, kuanzia 0 hadi 10. Kwangu mimi karatasi hiyo ina uzito sawa na mashine. Karatasi zote mbili zilitoka hivi:

| Dakika | Haidrojeni (ppm) | Tumbo kujaa |
|---|---|---|
| 0 | 4 | 0 |
| 30 | 3 | 0 |
| 60 | 5 | 0 |
| 90 | 9 | 1 |
| 120 | 31 | 4 |
| 150 | 58 | 7 |
| 180 | 72 | 6 |

Kanuni tunayotumia wengi ni kwamba kipimo kina majibu chanya haidrojeni ikipanda kwa 20 ppm au zaidi juu ya namba ya mwanzo. Angalia kwamba ni kupanda, si kufika. Yeye alianzia 4, basi mpaka wake ni 24, na dakika ya 120 alikuwa ameshauvuka, akiwa kwenye 31. Namba zilizofuata ziliendelea kupanda, na hilo linanipa imani kuliko namba moja inayochomoza peke yake na kuzama.

Kisha naangalia saa. Kwa saa moja na nusu ya kwanza mstari ulilala, halafu ukanyanyuka. Huo ndio mwendo wa kitu kinachosafiri utumbo mwembamba wote bila kuguswa, kisha kinaangukia kwa bakteria wa utumbo mpana. Kama 31 ile ingetokea dakika ya 30, nisingeharakisha kumlaumu laktesi. Huenda ni bakteria wa mdomoni walioionja sukari wakati inapita, na hao huonekana mapema na kutoweka upesi. Huenda utumbo wake unasukuma chakula kwa kasi isiyo ya kawaida. Au huenda bakteria wamezidi ndani ya utumbo mwembamba wenyewe, hapo laktosi inaliwa kabla laktesi haijapata nafasi ya kufanya kazi. Kipimo hiki peke yake hakiwezi kuyatenganisha hayo.

Mwisho naweka safu ya tatu juu ya ya pili. Tumbo lake lilianza kujaa dakika ya 90, likapamba moto dakika ya 120 na 150, sambamba na gesi. Hapa ndipo ripoti nyingi ninazoletewa zinapungukiwa: zinaandika "chanya" na kunyamaza. Kutomeng'enya laktosi na kuumwa na laktosi ni mambo mawili. Nimeshapima mtu aliyepanda kwa zaidi ya 60 ppm huku amekaa ametulia anasoma gazeti, tumbo 0 mpaka mwisho. Huyo hameng'enyi laktosi, lakini gesi inayomsumbua nyumbani inabidi itafutiwe chanzo kingine. Yupo pia wa kinyume chake: tumbo 8 dakika kumi tu baada ya kunywa, haidrojeni imelala kwenye 5 saa tatu nzima. Dakika kumi laktosi bado iko juu, haijawafikia bakteria wa utumbo mpana. Maumivu yake ni ya kweli, ila laktosi si mshitakiwa. Mara nyingi ni utumbo mwepesi kuhisi, na wakati mwingine hofu ya glasi yenyewe.

Mstari uliolala nao una mtego wake. Baadhi ya watu wana vijidudu tumboni vinavyochukua haidrojeni yote na kuigeuza methani, chembe nne za haidrojeni kwa moja ya methani. Mashine inayosoma haidrojeni pekee itawaambia hawana neno. Ndiyo maana napendelea mashine inayopima gesi zote mbili, na methani ikifika 10 ppm au zaidi naichukua kwa uzito. Ikiwa mashine ni ya haidrojeni tu, mtu anavimba saa mbili baada ya kunywa laktosi na mstari hausogei, siandiki kwamba hana tatizo. Naandika kwamba kipimo hakikujibu.

Basi mgonjwa wangu ana majibu chanya, saa inakubali, na dalili zinakubali. Lakini kipimo hakisemi laktesi ilipungua kwa nini. Yeye hakuwa na kuharisha usiku, kupungua uzito wala upungufu wa damu. Angekuwa navyo, ningetafuta ugonjwa unaojeruhi ukuta wa utumbo, kama giadia au seliaki, kwa sababu hapo laktesi hupotea pamoja na ukuta, na ukuta ukipona yenyewe hurudi.

Akaniuliza swali alilokuja nalo: "Kwa hiyo hata chai ya maziwa basi?"

Hapa ndipo zile gramu 25 zinaporudi. Kikombe chake cha chai kina maziwa kama mililita 100, yaani laktosi gramu 5 hivi, sehemu moja ya tano ya tuliyompa, tena akiinywa pamoja na chakula kinachoichelewesha tumboni. Watu wengi wenye majibu kama yake huvumilia hadi gramu 12 kwa mkupuo mmoja bila shida kubwa. Kipimo kilionyesha anashindwa na 25. Kuhusu 5 hakikusema lolote, na asiye makini atasoma katazo ambalo halimo.

Nikamwambia aache maziwa yote wiki mbili, tuone tumbo likitulia, kisha aanze na kikombe kimoja cha chai pamoja na kifungua kinywa, apande kidogokidogo na aandike. Alirudi na daftari. Chai moja asubuhi, sawa. Chai mbili kwa siku zilizoachana, sawa. Mtindi, sawa. Glasi nzima ya maziwa kabla ya kulala ilimwamsha saa nane usiku, na pembeni alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Hii ndiyo 72."