Barua ya kuachishwa kazi: Kiswahili kikisema moja, Kiingereza kisiseme lingine

Malalamiko ya barua za lugha mbili yanaongezeka mezani kwetu. Hii hapa moja, bila majina. Mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, mwenye miaka 6 na miezi 4 kazini, alikabidhiwa barua tarehe 3 Juni: "Umesimamishwa kazi kwa ajili ya kupunguza gharama. Utapewa notisi ya mwezi mmoja na mafao yako." Nakala ya Kiingereza ikaandika "suspended" na "pension". Mtafsiri alifuata alichokiona. Kosa lilianzia kwenye Kiswahili.

Kusimamishwa si kuachishwa. Anayesimamishwa bado ni mwajiriwa, kwa kawaida akisubiri uchunguzi. Mfanyakazi huyu alikaa akisubiri kuitwa, kumbe mwajiri alishafunga faili lake. Kwa Tanzania, anayepinga kuachishwa anatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma, na akichelewa itabidi kwanza aombe kuongezewa muda kwa kueleza sababu. Kwa hiyo tarehe ya ukomo iandikwe waziwazi, na iwe moja katika nakala zote mbili.

Notisi nayo ihesabiwe kwa siku. Baada ya mwezi wa kwanza wa ajira, kima cha chini kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Mkataba ukitoa zaidi, fuata mkataba. Zikianza tarehe 4 Juni, zinaisha tarehe 1 Julai. Notisi haitolewi wakati mfanyakazi yuko likizo, wala haiunganishwi na likizo; hili tumelisema mara nyingi mno.

Sababu, "kupunguza gharama" haitoshi. Sheria inataja mahitaji ya uendeshaji, na barua ieleze ni yapi, baada ya mashauriano na wahusika. Barua haiwezi kuwa ndiyo mashauriano yenyewe! Sahihi ingekuwa: "Ajira yako itakoma tarehe 1 Julai kutokana na mahitaji ya uendeshaji, baada ya idara yako kufungwa." Kiingereza chake: "Your employment will terminate on 1 July owing to operational requirements, following the closure of your department."

Kwenye malipo, neno "mafao" liachiwe mfuko wa hifadhi ya jamii. Kiinua mgongo cha kisheria ni "severance pay": mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Hapa ni siku 42, kwa sababu ile miezi 4 haihesabiwi. Ukiandika "gratuity", umeahidi kitu kingine ambacho pengine mkataba hauna. "Pay in lieu of notice" iandikwe tu pale mfanyakazi anapoondoka bila kuitumikia notisi. Akiitumikia, anapata mshahara wake wa kawaida. Ongeza mstari wa malipo ya likizo ambayo hakuichukua, wa usafiri hadi alikoajiriwa ikiwa si pale anapofanyia kazi, na wa cheti cha utumishi, ambacho waajiri wengi hukiona kama hisani.