Mteja wako alikuja, ila alikuja saa nane

Juzi msusi mwenzangu kanipigia simu akilalamika: "Dada, hawa wateja hawajui miadi. Sasa nawapanga wawili saa ile ile, atakayewahi ndiye wangu." Nimechoka kuyasikia maneno haya. Nikamwomba anisomee meseji aliyomtumia mteja aliyemkosa Jumamosi. Ilikuwa hivi: "Karibu kesho 08:00."

Programu ya miadi inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, ila mteja kaisoma kwa Kiswahili, na kwake nane ni nane. Kafika saa nane mchana na rasta zake mkononi. Msusi alikuwa amekaa bure tangu saa mbili asubuhi. Rasta ndogo hula saa tano hadi sita, kwa hiyo kumpokea wakati ule ni kumaliza saa mbili usiku. Akamrudisha, kisha akaandika daftarini "hakuja".

Lakini alikuja! Fungua daftari lako, na mbele ya kila "hakuja" andika saa aliyofika au kupiga simu. Ukiona tofauti ya saa sita inajirudia, kosa ni la meseji yako. Saa 14:00 haina shida sana, maana hatuna saa kumi na nne. Hatari ni kuanzia 07:00 hadi 12:00. Na usikimbilie kufuta tarakimu kama 08:00, kwani wapo wanaozisoma vizuri tu. Andika zote mbili, na utaje asubuhi au mchana.

Neno "kesho" nalo liondoe. Mteja akizima simu usiku, meseji inaingia asubuhi, na "kesho" yako yeye anaisoma kama siku inayofuata. Mimi naandika: "Jumamosi tarehe 14, saa 2 asubuhi (08:00). Jibu 1 kama unakuja, 2 tubadilishe." Naituma siku moja kabla, saa kumi jioni. Asiyejibu hadi saa moja usiku nampigia. Akisema haji, bado nina muda wa kumwita anayesubiri nafasi. Ukituma asubuhi yenyewe, hata akikujibu kwa uungwana, kiti kimeshakuwa kitupu.

Kupanga wawili saa ile ile sikubali kabisa. Siku wote wakifika, mmoja atakaa kwenye benchi kwa saa tano, na huyo humpati tena.

Kinachonisumbua bado ni kishika nafasi. Kwa misuko mirefu naomba shilingi 10,000 kwa simu, nayo inakatwa kwenye malipo ya mwisho. Mteja mpya natuma namba bila kusita. Wa miaka mingi simwombi, naona kama namwambia simwamini. Lakini mwezi uliopita wawili walioniachia kiti kitupu siku nzima walikuwa hao hao wa miaka mingi, na mmoja ameshaomba nafasi ya Jumamosi ijayo. Namba ya malipo bado sijamtumia.